Swali la Sentimita 106: Tangazo la Kazi kama Kichujio katika Karakana Ndogo

Mwenye karakana ya samani anayeandika "Anahitajika fundi seremala mwenye uzoefu, mshahara mnono, piga simu" kwa kawaida hulalamika baada ya siku mbili kwamba watu wa siku hizi hawataki kazi. Simu imelia mchana kutwa. Mmoja aliuliza kazi ni ya nini, mwingine alitaka kujua mshahara, wa tatu aliahidi kufika kesho na hakuonekana. Katika makala haya nitadai kwamba wapigaji simu wale hawana kosa. Tangazo halikuwapa sababu ya kujichuja, na aliyeliandika alitegemea uzoefu, cheti na bidii, vitu ambavyo kwa maandishi kila mtu anaweza kuvidai bila gharama.

Hoja hii ina mzizi katika nadharia ya uchumi. Mwaka 1973 Michael Spence aliandika kuhusu ishara katika soko la ajira. Swali lake lilikuwa jinsi mwajiri anavyoweza kumjua mtu mwenye uwezo ilhali uwezo wenyewe hauonekani. Alijibu kwamba ishara hutenganisha watu pale tu gharama ya kuitoa inapokuwa ndogo kwa mwenye uwezo na kubwa kwa asiye nao. Gharama ikiwa sawa kwa wote, au isipokuwepo kabisa, ishara haisemi chochote. Spence alikuwa akizungumzia elimu, lakini sharti lake linafaa zaidi kwa karakana ya mafundi wanne kuliko kwa kampuni kubwa, kwa kuwa karakana haina ofisi ya rasilimali watu ya kuzipitia barua mia. Anayezisoma ndiye anayesimama kwenye randa, na kila simu anayopokea humtoa kwenye kazi ya mteja.

Vichujio vya kawaida vinashindwa kutimiza sharti hilo. "Uzoefu wa miaka mitatu" ni maneno tu, na hata yakiwa ya kweli hayabebi mengi. Frank Schmidt na John Hunter, katika mapitio yao ya mwaka 1998 ya tafiti za uteuzi wa wafanyakazi, waliona kwamba idadi ya miaka kazini hutabiri utendaji kwa udhaifu, na kwamba kumpa mtu sampuli ya kazi yenyewe kunatabiri vizuri zaidi. Mapitio ya baadaye yameshusha takwimu zao nyingi, ile ya sampuli ya kazi ikiwemo, lakini miaka ya uzoefu imebaki karibu na mkia. Cheti cha VETA kina uzito wake, ila mafundi wengi wazuri wa Dar es Salaam wamejifunza kwa kuanza kama saidia fundi na hawajawahi kukaa darasani. Ndiyo sababu VETA yenyewe ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Anayetanguliza cheti anawafungia mlango watu hao kabla hawajabisha.

Kichujio kibaya kuliko vyote ni ada ya maombi. Mtu anaweza kudhani kwamba shilingi elfu kumi zitawaondoa wasio na nia. Zitawaondoa wasio na hela, ambao hawana uhusiano wowote na wasio na nia. Isitoshe, kudai pesa kwa mtafuta kazi ndiyo alama inayojulikana ya matapeli, na fundi mwenye akili timamu ataliruka tangazo hilo.

Tunachokitafuta, basi, ni kazi ndogo ambayo seremala huimaliza kwa dakika mbili na asiye seremala akaiona mzigo. Tuchukue mfano wa kubuni wa karakana moja ya Keko, mtaa wa Dar es Salaam unaojulikana kwa samani. Viwango vya malipo ni vya kielelezo tu.

"Anatakiwa fundi seremala mmoja wa meza, viti na makabati. Karakana ya mafundi wanne, Keko. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, mapumziko saa moja. Malipo shilingi 25,000 kwa siku, kila Jumamosi mkononi. Saa za ziada ni mara moja na nusu. Vumbi ni jingi, barakoa tunatoa. Umeme ukikatika tunapiga randa kwa mkono. Kabla ya sikukuu kazi huwa nyingi. Swali: meza ina ubao wa juu wa sm 120 kwa 60. Miguu ni ya sm 5 kwa 5 na imeingia ndani sm 5 kutoka kila ukingo. Mbao za fremu zinaingia katikati ya mguu kwa ulimi wa sm 3 kila upande. Mbao ndefu utaikata urefu gani? Tuma jibu kwa ujumbe au kwa sauti, pamoja na picha moja ya maungio uliyotengeneza mwenyewe, kabla ya kupakwa rangi. Au njoo Alhamisi saa 9 alasiri utuoneshe. Hatuhitaji barua wala vyeti. Kuomba ni bure. Siku ya majaribio inalipwa."

Swali ndilo moyo wa tangazo. Ukitoa sm 5 kila upande katika 120, unabaki na 110 kutoka uso wa nje wa mguu mmoja hadi uso wa nje wa mwingine. Ondoa unene wa miguu miwili, sm 10, nafasi kati ya miguu inakuwa 100. Ongeza ndimi mbili za sm 3, unapata 106. Anayejibu 120 hakulisoma swali. Anayejibu 110 hajawahi kufikiri mguu una unene. Anayejibu 100 anajua hesabu lakini amesahau kwamba ulimi ni sehemu ya mbao ileile, kosa la mtu aliyezoea kuunga kwa misumari au aliyetazama tu wenzake wakifanya kazi. Kwa hiyo jibu lisilo sahihi nalo lina habari, jambo ambalo barua ya maombi haiwezi kutoa.

Kuna daraja la nne, ambalo nalithamini kuliko yote. Mguu una sm 5 tu, na ndimi mbili za sm 3, moja ya mbao ndefu na nyingine ya mbao fupi, zinaingia katikati yake kutoka pande mbili zinazokutana. Zitagongana ndani ya mguu. Fundi aliyewahi kupigilia fremu na kuona haifungi atajibu 106 na kuongeza kwamba ncha za ndimi lazima zikatwe mshazari wa nyuzi 45 ili zipishane. Pengine atauliza kama zifupishwe. Tangazo halikuomba maelezo hayo. Anayeyatoa ameshajitambulisha.

Picha nayo imechaguliwa kwa makusudi. Picha ya kochi lililomalizika hupatikana popote mtandaoni, na simu nyingi za mafundi zimejaa picha za kazi za watu wengine. Picha ya maungio ambayo hayajapakwa rangi, yenye alama ya penseli na gundi iliyochuruzika, haina soko. Hakuna anayeipiga isipokuwa aliyekuwa pale. Na kwa kuwa hata hiyo inaweza kuazimwa, mwenye karakana atauliza kwenye simu ni mbao gani, na kwa nini ulimi ulipewa unene ule.

Angalia pia kilichoruhusiwa. Jibu la sauti linakubaliwa kwa sababu karakana inatafuta mkono, si mwandiko. Kichujio kinachopima uwezo usiohitajika kazini huwatoa watu wasiostahili kutolewa. Alhamisi alasiri imewekwa kwa ajili ya fundi asiye na simu yenye kamera. Imewekwa siku moja, kwa saa maalumu, ili mwenye karakana asikatizwe wiki nzima.

Kuhusu malipo nina msimamo mkali zaidi. "Mshahara ni maelewano" huonekana kama busara ya mfanyabiashara, lakini ndiyo chanzo kikubwa cha simu za bure. Fundi anayepata elfu thelathini kwa siku kwa deiwaka hana namna ya kujua kwamba wewe una elfu ishirini na tano, mpaka apige, aje, na apoteze asubuhi yake na yako. Ukiitaja pesa, hatapiga simu, na wote wawili mmeokoa siku. Hofu ya kwamba mafundi waliopo watajua mwenzao mpya analipwa ngapi ni ya kweli. Lakini watajua tu Jumamosi ya kwanza.

Maneno ya vumbi na umeme yana nadharia yake. John Wanous, aliyeandika sana tangu miaka ya 1970 kuhusu kumweleza mwombaji jinsi kazi ilivyo, pamoja na ubaya wake, aliona kwamba maelezo hayo hupunguza wanaoacha kazi mapema. Athari iliyopimwa ni ndogo, na sitaki kuikuza. Ila kwa karakana ya watu wanne, mmoja kuondoka wiki ya pili ni robo ya nguvu kazi.

Sheria nayo inaingia hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada kulipwa si chini ya mara moja na nusu. Ratiba ya tangazo letu, saa saba na nusu kwa siku sita, inatimia 45 kamili. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa jinsia, umri, kabila na hali ya ndoa, na ulinzi huo unamhusu hata mwombaji. "Kijana wa kiume asiyezidi miaka 30", maneno tunayoyasoma kila siku, ni kichujio kisicho halali, na pia ni kibovu kwa kipimo cha Spence: humwondoa mama wa miaka 45 anayejua ndimi zinapogongana, na humwacha kijana aliyejibu 120.

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote ni kwamba fundi bora hatafuti kazi. Ana wateja wake, na hatakaa kujibu mtihani wa mtu asiyemjua. Nalikubali kwa sehemu. Ndiyo maana swali ni moja, si kumi. Likizidi dakika tano, gharama inaanza kumwangukia yule tunayemtaka, na sharti la Spence linapinduka. Kwa fundi wa namna hiyo tangazo hufanya kazi kwa njia ya pembeni: mwenzake hulisoma, hucheka habari ya ndimi, kisha humpigia.

Tangazo lina umri wake vilevile. Majibu yakikoma kabisa, ni vyema kukagua malipo na mahali kabla ya kulilaumu swali. Yakianza kufika yote yakisema 106, kwa maneno yanayofanana na bila neno kuhusu mshazari, jibu limeshavuja. Mwenye karakana abadili ubao wa juu uwe sm 140 na ulimi uwe sm 2.5, kisha angoje nani bado atatuma 106.