Kifuko cha Sadfa

Katika ripoti za picha za tumbo hutokea mara kwa mara sentensi moja ndogo, iliyowekwa mwishoni kama neno la mtu aliyekumbuka jambo akiwa tayari mlangoni, ya kwamba katika kongosho pameonekana kitu chenye maji, upana wake milimita 14. Na mgonjwa, ambaye alikwenda kupigwa picha kwa sababu ya vijiwe vya figo, hurejea nyumbani na habari ambayo hakuitafuta. Kitu hicho aghalabu huambiwa kuwa ni "uvimbe". Nami naona tafsiri hiyo ni ya haraka, na madhara yake si haba, kwa kuwa katika masikio yetu uvimbe wa ndani, usioonekana wala kushikika, ni jina la adabu la saratani.

Neno ambalo matabibu wa Ulaya wanalitumia asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni kibofu au mfuko. Basi "kifuko" ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi, tena ina fadhila moja ambayo "uvimbe" hauna: mtu akitajiwa kifuko hana budi kuuliza ukuta wake ni wa nini na ndani yake mna nini, na maswali hayo mawili ndiyo yanayomshughulisha tabibu. Wako wanaopendelea kusema "sisti", nami sina ugomvi nao, ila neno hilo humpita msikilizaji bila kumwachia kitu. Na kwa kuwa kifuko hiki hakikutafutwa, bali kilikutwa tu, nakiita kifuko cha sadfa. Wala si adimu: mashine za MRI, ambazo huona maji kwa wepesi mno, huvikuta kwa wingi, na umri wa mtu unavyozidi ndivyo vinavyozidi kuonekana.

Tuanze na ukuta. Mtu aliyepata kuugua kongosho kwa maumivu makali, kwa ajili ya pombe au vijiwe vya nyongo, au aliyeumizwa tumbo katika ajali, huweza kubakiwa na dimbwi la maji lililozungukwa na kovu, lisilo na utando wa seli ndani yake. Hicho ni kifuko bandia, na hakigeuki saratani, maana hakina seli za kugeuka. Kwa hiyo swali la kwanza si la mashine: ni kumwuliza mgonjwa kama amepata kuugua hivyo. Asiyepata kuugua, ni shida kumdhania kifuko bandia.

Penye utando wa kweli, hukumu yote hutegemea kilichomo, na hapa Kiswahili kinatuhudumia vizuri kuliko lugha nyingi, kwa kuwa tuna "maji" na tuna "ute", na hakuna mpishi wa yai asiyejua tofauti yake. Kifuko cha maji, ambacho katika picha hufanana na sega la nyuki lenye kovu katikati, karibu kamwe hakigeuki saratani. Kikishatambuliwa kwa yakini, na kisipomsonga mtu, huachwa. Kifuko cha ute ndicho chenye khatari, kwa sababu seli zinazotoa ute huo zaweza, baada ya miaka mingi, kuharibika hatua kwa hatua. Tabibu akikivuta kimiminika kwa sindano, hukitia baina ya vidole viwili na kuviachanisha: ute huvutika kama uzi, maji hukatika. Maabara nayo husaidia, maana sukari ndani ya kifuko cha ute huwa kidogo sana; walakini kipimo hicho chasema tu kwamba huu ni ute, hakisemi kama umekwisha kuharibika.

Vifuko vya ute navyo ni viwili. Kimoja hupatikana karibu kwa wanawake peke yao, katika kiwiliwili au mkia wa kongosho, wala hakina njia ya kuingia mferejini. Hicho aghalabu hukatwa, khasa kikiwa kikubwa na mwenyewe akiwa na nguvu za kustahimili. Cha pili ndicho kinachoandikwa katika ripoti kwa herufi IPMN, nami nakifasiri "kioteo cha ute cha mferejini". Kilianza kujulikana sana baada ya mwaka 1982, pale tabibu Ohashi na wenziwe wa Japani walipoeleza wagonjwa ambao mdomo wa mfereji wa kongosho ulikuwa umepanuka, ute ukitoka. Hapa pana tofauti ambayo ni kubwa kuliko zote: mfereji mkuu ni mto, na una vijito. Kioteo kikiwa katika kijito tu, khatari yake ni ndogo na mwendo wake wa taratibu. Kikiingia mtoni na kuupanua hata milimita 10, mgonjwa hupelekwa kwa mpasuaji pasina kungoja. Kadhalika mwenye umanjano kwa kifuko kilicho kichwani mwa kongosho, na yule ambaye ndani ya kifuko chake mmeota kinundu cha nyama cha milimita 5 au zaidi, chenye damu inayopita.

Wasiokuwa na hayo huwekwa chini ya kile ninachokiita "uangalizi wa miadi". Ufuatiliaji mtupu hautoshi, kwa kuwa hausemi lini.

Turudi kwa mtu wetu wa vijiwe vya figo. Tuseme ana miaka 62. MRI yaonyesha vijito vilivyovimba kama kichala kidogo cha zabibu, njia iingiayo mferejini ikionekana, na mfereji mkuu ni milimita 3, ambao ni upana wa kawaida. Kwa mwongozo wa Kyoto, uliochapishwa mwaka 2024, kifuko kilicho chini ya milimita 20 hutazamwa tena baada ya miezi 6, kisha kila miezi 18 maadamu hakijabadilika. Miezi 6 yapita: 14. Miezi 24: 15. Mwezi wa 42 ripoti yasema 22.

Jambo la kwanza si kufadhaika, ni kuzitoa picha zote mbili na kuzipima upya kwa mkono mmoja, kipenyo kirefu kwa kipenyo kirefu, kwa sababu mara nyingi kilichokua ni mstari wa mpimaji, au CT imelinganishwa na MRI. Tuseme kukua ni kwa kweli: milimita 7 kwa mwaka na nusu, nako kuzidi milimita 2.5 kwa mwaka huhesabiwa ishara ya wasiwasi. Basi mgonjwa humezeshwa kamera yenye mawimbi ya sauti, ambayo hukitazama kifuko kutoka ndani ya tumbo la chakula. Yaonekana donge ukutani. Ni kinundu au ni ute ulioganda? Mgonjwa hugeuzwa ubavu, na dawa ya kung'arisha mishipa hutiwa: ute hutikisika na haupokei dawa, kinundu hukaa pale pale na kung'aa. La huyu latikisika. Sukari yake ya damu, ambayo ikipanda ghafula nayo ni ishara, i sawa.

Hapasuliwi. Kukata kichwa cha kongosho, hata katika hospitali zilizozoea, huua mmoja hadi watatu katika mia, na wengi wa waliobaki huishi na kisukari au vimeng'enya vya kumeza kila mlo. Miadi yake sasa yakaribiana: miezi 6 mara mbili, kisha kila mwaka, na kila safari msomaji wa picha huombwa alitazame kongosho lote, kwani kwa watu hawa saratani yaweza kuzuka mahali pengine, mbali na kifuko kilichoandikwa katika ripoti. Hesabu hiyo itaendelea hadi siku ambayo moyo au mapafu yake hayataweza tena kustahimili upasuaji, na hapo picha husimamishwa, maana jibu lake halingekuwa na la kufanyiwa.