Maana ya neno katika muktadha: kukisia neno lisilojulikana

Maana ya kimuktadha ni maana ambayo neno hubeba katika sentensi fulani, ikiamuliwa na maneno yanayolizunguka. Katika mitihani ya Kiswahili hupimwa kwenye sehemu ya ufahamu, kwa agizo la aina hii: toa maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika habari. Uzito wa agizo hilo umo katika maneno manne ya mwisho. Mtahiniwa anayetoa maana sahihi ya neno kwingineko, lakini isiyokubaliana na habari aliyoisoma, hajajibu swali.

Mara nyingi hudhaniwa kwamba kikwazo ni neno geni. Hata hivyo, neno geni humfanya msomaji asimame na kutafuta vidokezo. Neno linalopotosha zaidi ni lile analodhani analijua. Jambo hili huonekana wazi katika nyanda za juu za Kigoma, kwa mfano Busunzu wilayani Kibondo, ambako watoto wengi huanza kusema Kiha nyumbani na kukutana na Kiswahili kama lugha ya kufundishia shuleni. Lugha hizo mbili ni za Kibantu na zina mashina mengi yanayofanana kwa sauti, ila si yote yanayofanana kwa maana.

Kifungu cha mfano

Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya makala haya:

*Mwaka ule mvua zilichelewa, na chemchemi iliyo bondeni ikapungua maji. Mjane mmoja, ambaye zamani alikuwa akiteka ndoo sita kabla ya jua kuchomoza, sasa alirudi na mbili tu, tena zenye tope. Wakulima walipata mazao haba, ilhali mwaka uliotangulia maghala yalikuwa yamejaa pomoni. Wengi walikata tamaa wakayaacha mashamba. Mzee mmoja hakughairi: alipanda tena palepale, kama alivyokuwa ameazimia tangu mwanzo.*

Maneno yanayoulizwa ni *akiteka*, *haba* na *hakughairi*.

Akiteka

Hatua ya kwanza ni kulitambua neno kwa umbo lake. Kiambishi *a-* chaonyesha mtenda wa nafsi ya tatu umoja, *-ki-* chaonyesha tendo lililokuwa likiendelea, na *-tek-* ni mzizi. Hivyo neno ni kitenzi, na jibu nalo sharti liwe kitenzi.

Katika Kiha, kama ilivyo katika Kirundi, shina *-teka* lina maana ya kupika. Mwanafunzi wa Busunzu ana sababu nzuri ya kujibu kwamba mjane alikuwa akichemsha maji, na jibu hilo halionekani la ajabu, kwa kuwa maji huchemshwa na ndoo huyabeba. Neno *ndoo* peke yake halitoshi kumwonya.

Kidokezo kinachoamua kimo mbele kidogo: *sasa alirudi na mbili tu*. Neno *sasa* linalinganisha tendo lilelile katika nyakati mbili, zamani ndoo sita na leo mbili. Tendo hilo humalizika kwa kurudi kutoka mahali fulani, na mahali penyewe pametajwa katika sentensi ya kwanza, yaani chemchemi iliyopungua. Achemshaye maji harudi na ndoo kutoka bondeni. Jibu ni *akichota*.

Kiswahili chenyewe kina matumizi mengine ya *teka*: askari huteka mji, na majambazi huteka basi. Kwa hiyo hata anayeitafuta maana kamusini bado anahitaji sentensi ili achague maana inayofaa. Atafute chini ya *teka*, baada ya kuondoa *a-* na *-ki-*.

Haba

Neno *haba* halichukui kiambishi cha upatanisho. Husemwa *mazao haba*, *mvua haba*, *watu haba*, bila badiliko. Umbo lake halisaidii sana, lakini kuwekwa kwake baada ya nomino *mazao* kunaonyesha kwamba linaisifu nomino hiyo.

Kidokezo kikubwa ni *ilhali*, kiunganishi ambacho hapa kinakabilisha hali mbili zinazopingana. Upande mmoja kuna maghala yaliyojaa pomoni, na upande wa pili lazima kuwe na upungufu. Msomaji asiyelijua neno *pomoni* bado ana *yamejaa* la kumwongoza.

Hapa pia kuna mtego wa neno linalodhaniwa kujulikana. Aliyezoea methali *Haba na haba hujaza kibaba* huweza kujibu “kidogo kidogo”. Maana hiyo hutokana na urudufu uliomo katika methali, nao haumo katika kifungu. Jibu linalofaa ni *machache*, likiwa na *ma-* ya upatanisho kwa sababu linasifu *mazao*. Anayejibu *chache* ameelewa maana, lakini jibu lake haliwezi kurudishwa katika sentensi kama lilivyo.

Hakughairi

Kiambishi *ha-* ni cha ukanushi, na *-ku-* hapa ni alama ya ukanushi wa wakati uliopita. Msomaji anayeidhani *-ku-* kuwa ya mtendwa, kama katika *anakuona*, atatafuta mtu aliyetendewa, wala hatampata. Kinachobaki ni *ghairi*, na ndilo la kutafutwa kamusini.

Maneno yanayotangulia yasema wengi walikata tamaa, na mzee anatofautishwa nao. Wazo la kwanza basi ni kwamba *hakughairi* ni sawa na “hakukata tamaa”. Ukiliweka jibu hilo katika sentensi, habari husomeka vizuri. Hapo ndipo ulipo mpaka wa njia ya kubadilisha neno: jibu huweza kukaa vyema mahali pa neno bila kuwa maana yake.

Nukta pacha baada ya neno huashiria maelezo, na maelezo hayo hufikia *kama alivyokuwa ameazimia tangu mwanzo*. Habari inamalizikia kwenye azimio la mzee, wala si kwenye matumaini yake. Jibu lililo sahihi zaidi ni *hakubadili nia*. Anayejibu *kubadili nia* ametoa maana ya *ghairi*, lakini ameuacha ukanushi, na kwa kuwa neno lililoulizwa ni *hakughairi*, jibu lake limekuwa kinyume.

Kwa mtunzi wa maswali na msahihishaji

Kabla ya kuuliza neno, mtunzi alifute na kuacha pengo, kisha ampe mwenzake kifungu. Kama pengo lapokea maana mbili zisizokaribiana, kifungu hakina vidokezo vya kutosha, na swali litapima msamiati uliokwisha kukaririwa tu. Katika kifungu hiki, kuondoa maneno *kama alivyokuwa ameazimia tangu mwanzo* kungefanya “hakukata tamaa” liwe jibu lisiloweza kukataliwa kwa haki.

Msahihishaji naye, akikuta jibu “akichemsha”, alipe alama inayostahili, kisha amwombe mwanafunzi aonyeshe kwa kidole maneno yaliyompeleka huko. Akionyesha *ndoo* na *maji*, alisoma muktadha ila aliishia mapema. Asipoonyesha lolote, amefasiri shina la Kiha bila kuisoma sentensi. Wa kwanza ahimizwe kusoma hadi mwisho wa sentensi kabla ya kujibu. Wa pili apewe orodha fupi ya mashina yanayofanana katika lugha zake mbili na kutofautiana kwa maana, *-teka* likiwa la kwanza.