Masikio yanalia usiku kucha: Ubongo unavyotengeneza sauti ambayo haipo

Kuna mlio ambao huwezi kuuzima kwa kufunga dirisha. Wengine wanausikia kama nyenje, wengine kama filimbi nyembamba, wengine kama birika linalotoa mvuke. Aliyelala pembeni yako hasikii kitu. Hospitali wanauita tinaitasi. Mtaani watu husema tu, "masikio yananilia."

Si tatizo la watu wachache. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliotoka mwaka 2022 ulikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 740 duniani wana mlio huu, na zaidi ya milioni 120 kati yao unawasumbua sana.

Kwa Pemba, watu walio kwenye hatari ya kuupata wanajulikana hata bila takwimu: nahodha anayekaa karibu na injini ya boti miaka nenda rudi, mpiga mbizi wa Kojani anayeshuka chini kuwaswaga samaki waingie wavuni, fundi wa mashine ya kusaga, mchana mbao wa msumeno wa moto. Na wazee, kwa sababu masikio huchoka kwa umri.

Ukiwauliza mlio unatoka wapi, wengi wataonyesha sikio. Wengine watasema kuna mtu anawasengenya, au ni jini anayenong'ona. Wanaoonyesha sikio wako karibu na ukweli, ila hawajafika. Tatizo mara nyingi linaanzia sikioni, lakini sauti yenyewe inatengenezwa kwenye ubongo.

Ngazi ya sauti iliyovunjika

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo vinatikisika, seli zinatuma ishara, na mshipa wa fahamu unazipeleka kwenye ubongo.

Seli hizi zimepangwa kama ngazi ya muziki. Zile za mlangoni mwa konokono zinapokea sauti nyembamba, za ndani zaidi zinapokea sauti nzito. Kelele kubwa huumiza zaidi eneo la sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000. Seli ikifa, haioti tena.

Sasa ubongo unafanyaje? Haukai kimya. Sehemu iliyozoea kupokea ishara za sauti nyembamba inaona hakuna kinachokuja, basi inapandisha sauti, kama mtu mwenye redio inayokamata stesheni kwa shida. Ukipandisha redio isiyokamata stesheni unapata nini? Mkwaruzo. Neva za ubongo huwa zinatoa ishara ndogo ndogo zenyewe hata kukiwa kimya kabisa, na kwa kawaida huzisikii. Zikipandishwa, unazisikia kama mlio.

Ni kama mtu aliyekatwa mguu akaendelea kuhisi vidole vinamuwasha. Mguu haupo, lakini ramani yake ubongoni bado ipo.

Haya ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi, ingawa wanasayansi bado wanabishana kuhusu hatua zake. Wapo waliokatwa mshipa wa kusikia wakati wa upasuaji, yaani sikio halina tena njia ya kupeleka kitu, na mlio ukabaki.

Jaribio jingine lilifanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012. Watu 18 wenye masikio mazima walizibwa sikio moja kwa siku saba mfululizo. Kabla ya wiki kuisha, 14 kati yao walikuwa wanasikia sauti ambazo hazipo. Kizibo kilipotolewa, sauti zikaondoka. Hakuna seli iliyokuwa imekufa. Ubongo ulinyimwa sauti tu, ukaanza kujitengenezea.

Kwa anayeishi na mlio, jaribio hilo lina maana moja kubwa: kuukimbilia ukimya hakumsaidii.

Tuchukue mvuvi mmoja

Huyu ni mtu wa mfano. Ana miaka 48, ameendesha boti ya injini miaka ishirini. Safari ya kwenda na kurudi ni saa nne au tano, na akitaka kuzungumza na mwenzake aliye umbali wa mkono lazima apaze sauti. Hicho ni kipimo cha mtaani kisichodanganya sana: ukifika hapo, kelele imeshagusa desibeli 85 au zaidi.

Desibeli 85 masikio huweza kuzivumilia kwa saa nane kwa siku. Ila kila zikiongezeka desibeli tatu, muda unakatika nusu. Kwa 88 ni saa nne, kwa 91 ni saa mbili, kwa 94 ni saa moja. Kwa hiyo mvuvi wetu, kama injini yake inatoa 91, anamaliza posho ya masikio yake kwenye safari ya kwenda tu.

Anapimwa usikivu. Sauti nzito na za kati anazisikia vizuri, anazikamata zikiwa na desibeli 15 hadi 20. Kwenye hezi 4,000 mambo yanabadilika: lazima zifike desibeli 55 ndipo asikie. Kwenye hezi 8,000 anapanda kidogo, anasikia kwa 35. Ukiichora inaonekana kama shimo, na shimo la namna hiyo ni alama ya kelele.

Yeye mwenyewe alikuwa anasema anasikia, tatizo watu siku hizi wanazungumza bila kufungua mdomo. Kumbe herufi kama "s", "f" na "sh" ziko kwenye sauti nyembamba. Anasikia kuwa unaongea, ila hapati maneno yote, hasa sokoni au penye watu wengi.

Kisha anachezewa sauti moja moja, aseme ipi inafanana na mlio wake. Anachagua iliyo karibu na hezi 4,000, palepale kwenye shimo lake. Na ukubwa? Mara nyingi inatosha kuicheza sauti hiyo desibeli tano au kumi tu juu ya kiwango anachoanza kusikia, naye atasema, "ndiyo hiyo, sawasawa."

Mlio unaomkesha, kwa kipimo, ni mdogo. Ndiyo maana ukubwa wa mlio hautabiri sana ni nani atateseka. Watu wawili wanaweza kuwa na mlio uleule, mmoja akalala fofofo na mwingine akakaa mpaka adhana ya alfajiri. Tofauti iko kwenye namna ubongo unavyouchukulia. Ukiuhesabu kuwa ni hatari, utauchunga usiku mzima, kama unavyosikiliza nyayo za mtu nje ya nyumba.

Kuishi nao

Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa mlio huu. Anayekuuzia dawa ya kuumaliza kwa wiki moja, mwachie dawa yake. Ila kuna mambo yanayopunguza mateso, na yote yanafuata mantiki ile ile ya redio.

La kwanza ni kuurudishia ubongo sauti. Kwa mvuvi wetu, kifaa cha kusaidia kusikia kinaweza kufanya kazi mbili: anasikia maneno, na ubongo ukipata ishara hauna haja ya kupandisha sana. Si wote mlio hupungua kwa kifaa, lakini kwa aliyepoteza usikivu hapo ndipo pa kuanzia.

Usiku, usilale kwenye ukimya kabisa. Feni, mvua iliyorekodiwa kwenye simu, redio ya chini, chochote kisicho na kelele za ghafla. Watu hukosea kwenye kiwango, wanafungulia mpaka wasiusikie mlio kabisa. Weka chini kidogo ya mlio, vyote viwili visikike. Lengo ni ubongo uzoee kuwa huo nao ni sauti tu ya nyumba, na hauwezi kuzoea kitu ambacho hausikii. Umeme ukikatika na feni ikasimama, mlio utaonekana umepanda. Haujapanda, kilichokuwa kinaufunika kimeondoka.

La pili ni tiba ya mazungumzo inayolenga mawazo na mazoea. Hii ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi katika kupunguza usumbufu. Haiuzimi mlio. Mtu anafundishwa kukamata wazo kama "mlio huu utanitia wazimu," kulipima kwa yaliyotokea kweli, na kurudi taratibu kwenye mambo aliyoyaacha, kama kukaa barazani na wenzake. Inachukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Kwa kisiwani si rahisi kuipata kila kituo, lakini daktari akikueleza tu kwa utulivu kuwa mlio si uvimbe wala si wazimu, hilo lenyewe hupunguza uzito.

Kazini, vizibo vya sponji ni bei ndogo. Vaa injini ikiwa inanguruma, vua ikizimwa. Kuvivaa kutwa nzima, hata nyumbani, ni kurudia lile jaribio la Uingereza juu ya kichwa chako.

Usimimine kitu sikioni

Mafuta ya karafuu yanayokamuliwa Wawi hutuliza jino. Sikioni ni hadithi nyingine. Yakiwa makali huunguza ngozi, na kama ngoma ya sikio imetoboka, jambo ambalo kwa wapiga mbizi si geni, yanaingia ndani kabisa. Njiti ya kiberiti nayo inasukuma nta ndani zaidi. Na nta iliyoziba sikio yenyewe inaweza kuleta mlio, kwa sababu ile ile ya kizibo. Huo ndio mlio wa bahati: ukisafishwa hospitali, mara nyingi unaondoka.

Mwambie daktari dawa unazotumia. Waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaujua mlio wake, na kwa kawaida ulikwisha dawa ilipokwisha. Aspirini kwa dozi kubwa hufanya hivyo pia. Dawa za sindano kama gentamisini, streptomaisini na amikasini ni habari tofauti, maana zinaweza kuua zile seli moja kwa moja. Mlio ukianza katikati ya dozi, sema siku hiyo hiyo, usiache dawa kimyakimya.

Kapimwe mapema kama mlio uko sikio moja tu, kama unadunda sawa na mapigo ya moyo, au unakuja na kizunguzungu. Anzia hospitali iliyo karibu, iwe Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee ya Mkoani. Ikihitajika utapewa rufaa ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili. Uso ukilegea upande mmoja, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Na umeamka sikio moja limekufa ghafla, mlio umejaa? Hiyo nayo ni dharura. Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, zina nafasi ya kusaidia zikianzwa siku za mwanzo, na baada ya wiki mbili nafasi hiyo inakuwa ndogo sana. Nenda leo, kabla ya kujaribu tone la kitu chochote.