Taa ya onyo ya usukani wa umeme

Taa ya onyo ya usukani wa umeme ni taa ya dashibodi inayomjulisha dereva kwamba mota inayomsaidia kuzungusha usukani imepunguza nguvu au imeacha kufanya kazi. Huwa na picha ya usukani yenye alama ya mshangao kando yake, au herufi `P/S` au `EPS`. Katika magari yaliyotoka Japani, yaani sehemu kubwa ya magari madogo yanayoonekana Korogwe na Handeni, herufi hizo ni za kawaida. Taa huwaka ufunguo unapofikishwa `ON` na huzimika injini ikishawaka. Isipowaka kabisa wakati huo, haiwezi kutegemewa kutoa onyo baadaye.

## Jinsi usukani wa umeme unavyofanya kazi

Usukani wa zamani wa pawa hutumia pampu ya mafuta inayozungushwa na injini kwa belti. Usukani wa umeme hauna pampu wala mafuta. Kihisi kilichopo kwenye mhimili wa usukani hupima nguvu ya mikono ya dereva, kompyuta ndogo husoma kipimo hicho pamoja na mwendo wa gari, kisha huiamuru mota isukume upande uleule. Gari likienda polepole mota husaidia sana. Mwendo ukiongezeka msaada hupungua. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo huu lilikuwa Suzuki Cervo ya mwaka 1988. Siku hizi mfumo huo umo katika magari kama Toyota IST, Vitz na Passo.

Jambo muhimu kwa dereva ni kwamba mota huongezwa juu ya usukani wa kawaida, wala haichukui nafasi yake. Mhimili wa chuma bado umeunganishwa na magurudumu ya mbele. Kwa hiyo mota ikizima, gari bado linageuka, ila usukani huwa mzito. Hatari ipo katika mshtuko: mikono iliyozoea wepesi hukuta uzito ghafla, na dereva anayedhani usukani umekatika huweza kuacha kuuzungusha katikati ya kona.

## Msaada unapokatika kwenye mteremko

Mfano mzuri ni barabara ya Mombo hadi Lushoto. Mombo ipo katika wilaya ya Korogwe, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi, na kutoka hapo barabara hupanda milima ya Usambara kwa takriban kilomita 33, kupitia Soni, ikiwa na kona kali mfululizo. Tuchukue gari dogo lenye gia za kujiendesha likishuka kutoka Soni, na taa ya `P/S` ikiwaka mita chache kabla ya kona.

Dereva hushika usukani kwa mikono miwili, mmoja kila upande, na kuuvuta kwa nguvu za mabega bila kuukurupusha. Mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia kona, kwa breki na kwa gia ndogo (`2` au `L`), kisha breki hulegezwa wakati wa kukata kona. Sababu ni kwamba breki ikikandamizwa uzito wa gari huhamia mbele, na kwenye mteremko uzito huo tayari uko mbele, hivyo magurudumu hugeuka kwa shida zaidi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Usukani uliokosa msaada huwa mzito zaidi gari linapokaribia kusimama, na mzito kupita kiasi likiwa limesimama, kwa kuwa tairi isiyoviringika husuguana na lami mahali pamoja. Hivyo mahali pa kuegesha panapaswa kuchaguliwa mapema, pawe tambarare na pana, na gari lielekezwe huko likiwa bado linaviringika. Anayesimama kwanza kisha akataka kugeuza atahangaika bure, na huenda sehemu ya nyuma ya gari ikabaki barabarani. Baada ya kusimama, taa za hatari huwashwa, na pembetatu ya kuakisi huwekwa kabla ya kona, si ndani yake, ili anayeshuka nyuma aione akiwa na nafasi ya kupunguza mwendo.

Injini isizimwe gari likiwa kwenye mwendo kwa kudhani mfumo utajirekebisha. Injini ikizimika, breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, kisha pedali huwa ngumu. Na ufunguo ukichomolewa usukani hujifunga. Kuzima na kuwasha upya hufanyika gari likiwa limesimama. Taa ikizimika baada ya hapo na usukani ukawa mwepesi, huenda hitilafu ilikuwa ya muda, lakini gari hilo bado linahitaji kupimwa kabla ya kurudi mlimani.

## Kutambua chanzo

Taa zinazowaka pamoja huanza kutoa jibu. Taa ya usukani ikiwaka pamoja na ya betri, mara nyingi umeme hautoshi: altaneta haichaji au belti yake imekatika. Katika injini ya 1NZ-FE, inayotumika katika IST na baadhi ya Vitz, belti hiyohiyo huzungusha pampu ya maji. Dereva akiendelea na safari kwa kuwa "usukani tu ndio mzito", injini itachemka baada ya muda mfupi. Katika hali hiyo husimama mara moja apatapo mahali salama, na hufungua boneti kuangalia belti.

Taa ya usukani ikiwaka peke yake, huanzwa na vitu vya bei nafuu. Barabara za changarawe za vijiji vya Handeni hutikisa gari hadi vichwa vya betri vikalegea. Betri nzima huonyesha takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na volti 13.8 hadi 14.5 ikiwa imewaka. Baada ya hapo hutazamwa fyuzi ya usukani, kisha nyaya na kihisi.

Vifaa vidogo vya kusoma hitilafu, ambavyo mafundi wengi wanavyo, husoma makosa ya injini tu. Vinaweza kuonyesha kwamba gari ni zima huku taa ikiendelea kuwaka. Makosa ya usukani wa Toyota huanza na herufi C, kwa mfano `C1511` kwa kihisi cha nguvu za mikono, na yanahitaji kifaa kinachofikia mfumo huo. Kihisi au kompyuta ikibadilishwa, nukta ya sifuri lazima ipangwe upya, la sivyo `C1515` huonekana. Kununua mhimili wa usukani uliotumika kabla ya kusoma makosa hayo ni kubahatisha.

Usukani unaweza pia kuwa mzito bila taa kuwaka. Akigeuzageuza mara nyingi katika maegesho finyu, kwa mfano sokoni, dereva huipasha mota moto, na mfumo hupunguza msaada ili mota isiungue. Gari likiachwa bila kugeuzwa kwa takriban dakika 10, hali hurudi. Tairi za mbele zenye upepo mdogo pia huongeza uzito.

Lakini usukani unaokwama mahali pamoja, unaotoa mlio wa kugonga au usiorudi wenyewe baada ya kona si tatizo la mota peke yake. Huenda kiungo cha mhimili au cha magurudumu kimeharibika, na gari hilo halipaswi kuendeshwa hata polepole. Huvutwa hadi kwa fundi.