Mtihani wa Kihispania: Mtahini Akiuliza Swali Lisilotarajiwa, Mtahiniwa Afanyeje?

Kwa waongoza watalii wa Mugumu, Tarime na vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Serengeti, Kihispania ni lugha ya kazi. Anayetaka cheti kinachotambulika kimataifa hufanya mtihani wa DELE, unaosimamiwa na Taasisi ya Cervantes ya Hispania. Wengi wanaojiandaa hukariri hotuba yao vizuri kabisa, halafu wanaganda pale mtahini anapouliza swali ambalo hawakulitarajia.

Katika ngazi ya B1, mazungumzo huchukua kama dakika 15, baada ya dakika 15 za kujiandaa. Kwanza mtahiniwa anazungumza peke yake kwa dakika 2 hadi 3 juu ya mada aliyochagua, na mtahini hamkatizi. Kisha yanakuja maswali ya dakika 3 hadi 4 juu ya mada hiyohiyo. Baada ya hapo kuna picha ya kueleza na igizo fupi, na sehemu hizi mbili hazina maandalizi. Chumbani kuna watahini wawili: mmoja anauliza, mwingine anakaa kimya akitoa alama.

Maswali ya sehemu ya pili mara nyingi hutokana na maneno ya mtahiniwa mwenyewe. Tuseme kijana wa Mugumu amechagua mada ya safari. Anasimulia siku aliyowapeleka wageni Kogatende kuona nyumbu wakivuka Mto Mara. Mtahini anamuuliza: “¿Qué fue lo más difícil de ese día?” Yaani, jambo gumu zaidi siku hiyo lilikuwa lipi?

Kosa la kawaida ni kurudi kwenye hotuba na kueleza tena jinsi nyumbu wanavyovuka mto. Mtahini akirudia swali lilelile kwa maneno mengine, mara nyingi ni dalili kwamba hajajibiwa. Jibu zuri linaanza na kilichoulizwa, kisha linaongeza sababu au mfano mmoja: “Lo más difícil fue esperar. Esperamos cuatro horas y los turistas estaban cansados.” Maana yake, kilichokuwa kigumu ni kusubiri, walisubiri saa 4 na wageni walikuwa wamechoka. Sentensi mbili zinatosha, na mtahini anapata pa kuendelezea. Akijibu neno moja tu, mazungumzo yanakufa.

Kitendo kilicho ndani ya swali ndicho kinachoonyesha wakati wa kujibu. Swali lenye “fue” linahusu jambo lililopita, kwa hiyo jibu nalo liwe la wakati uliopita. Mtahini anaweza kugeuka ghafla na kuuliza: “¿A qué lugar le gustaría viajar?” Hapo haulizi tena safari ya Kogatende, anauliza mtahiniwa angependa kwenda wapi. Jibu linaazima kitendo hichohicho: “Me gustaría viajar a Zanzíbar, porque no conozco el mar.” Angependa kwenda Zanzibar kwa kuwa bahari haijui.

Na kama swali halikueleweka? Kuomba lirudiwe kunaruhusiwa: “Perdone, ¿puede repetir la pregunta?” Njia bora zaidi ni kushika kile kidogo kilichosikika na kukihakikisha: “¿Me pregunta por el día más difícil?” Hapo anaonyesha kwamba anafuatilia. Kubahatisha ni hatari, maana jibu refu lisilohusu swali humponza kuliko sekunde chache za kuuliza tena. Lakini akiomba marudio kila swali, itaonekana hamwelewi mtahini.

Neno likipotea, alizunguke. Aliyesahau “ñu”, yaani nyumbu, anaweza kusema “un animal parecido a una vaca, pero salvaje”, mnyama anayefanana na ng'ombe lakini wa porini. Kuchomeka neno la Kiingereza au kunyamaza kunamgharimu zaidi.

Mazoezi hayahitaji mwalimu mkubwa. Mtahiniwa anazungumza dakika 2, mwenzake anachagua neno moja alilolisikia na kuulizia “¿por qué?”, “¿cuándo?” au “¿con quién?”, yaani kwa nini, lini na nani. Simu inarekodi. Wakisikiliza baadaye, waangalie jambo moja tu: je, sentensi ya kwanza ya kila jibu imejibu swali?

Alama za mazungumzo hujumlishwa na za kusikiliza. Sehemu hizo mbili kwa pamoja zina alama 50, na mtahiniwa anahitaji angalau 30. Aliyekariri hotuba peke yake ameandaa sehemu moja tu kati ya nne za mazungumzo hayo.