Makadirio ya Pensheni na Dhana Zinazoyabeba

Mwalimu wa Muleba anayehesabu miaka iliyobaki kazini akipewa karatasi ya makadirio ya mafao yake, macho huruka safu zote za michango na kutua kwenye namba mbili za mwisho: mkupuo na pensheni ya kila mwezi. Hapo ndipo mipango huanzia. Mkupuo unakuwa nyumba ya Rwamishenye au kibanja cha kuongeza Kamachumu, na pensheni ya mwezi inakuwa ada ya mtoto wa mwisho. Makala haya yanahusu namba hizo mbili: zinatokana na nini, na zinategemea mambo gani ambayo hayajatokea bado.

Tuanze na istilahi. Wengine huziita pensheni tarajiwa, kama tunavyosema mstaafu mtarajiwa. Lakini mstaafu mtarajiwa atastaafu umri ukifika, ilhali kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi si lazima kifike. Kwa hiyo napendelea makadirio ya pensheni: hesabu iliyofanywa leo kuhusu malipo ya kesho. Na kile ambacho hesabu hiyo inakichukua kuwa kweli ili iweze kufanyika ndicho dhana. Karatasi ya makadirio inaweza kuwa na dhana kadhaa. Mbili zinazotajwa zaidi ni dhana ya ukuaji wa mshahara na dhana ya faida ya uwekezaji. Kwa mwanachama wa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, dhana hizo hazina uzito sawa, na kutolijua hilo ndiko kunakopotosha wengi.

Kikokotoo kinachotumika kwa mtumishi wa umma kiko hivi:

```
Pensheni ya mwaka  = (1/580) x N x APE
Mkupuo             = Pensheni ya mwaka x 12.5 x 40%
Pensheni ya mwezi  = Pensheni ya mwaka x 60% / 12
```

N ni idadi ya miezi uliyochangia. APE ni mshahara wa mwaka unaotumika kukokotoa, yaani wastani wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi kabla ya kustaafu. Posho hazimo. Asilimia 40 ni ya wale ambao zamani walikuwa wakipokea nusu ya mafao yao kwa mkupuo, wakiwamo walimu waliotoka PSPF. Waliokuwa wakipokea robo, kama wanachama wa NSSF, wao mkupuo wao ni asilimia 35.

Sasa tumchukue mwalimu wa mfano. Ana miaka 45, aliajiriwa akiwa na 25, mshahara wake ni shilingi 900,000 kwa mwezi, na atastaafu akiwa na 60. Miezi yake ya uchangiaji hadi leo ni 240, na siku ya kustaafu itakuwa 420. Karatasi ikikokotoa kwa miezi 420 na mshahara wa leo, APE ni shilingi 10,800,000. Pensheni ya mwaka inatoka shilingi 7,820,690, mkupuo shilingi milioni 39.1, na pensheni ya mwezi shilingi 391,000.

Tazama kwanza kitu kidogo kinachosaidia kukagua karatasi yoyote ya kundi hili. Kwa mkupuo wa asilimia 40, mkupuo ni mara 100 kamili ya pensheni ya mwezi. Ukiona uwiano mwingine, basi asilimia iliyotumika si hiyo, na inafaa kuuliza kabla ya kuendelea kusoma.

Namba hizo tayari zina dhana mbili ndani yake, ingawa hazijatajwa. Ya kwanza ni kwamba mwalimu atachangia miezi yote 180 iliyobaki bila pengo. Ya pili ni kwamba mshahara wake hautaongezeka hata shilingi moja kwa miaka 15. Hii ya pili inaonekana ya tahadhari mno, kwa hiyo makadirio mengine huweka ukuaji, tuseme asilimia 5 kwa mwaka. Hapo wastani wa miaka yake mitatu ya mwisho unafika kama shilingi milioni 1.7 kwa mwezi, mkupuo unapanda hadi milioni 73.8, na pensheni ya mwezi hadi shilingi 738,000. Mwalimu ni yuleyule na michango aliyokwisha kutoa ni ileile, lakini namba imekaribia kuwa mara mbili. Sababu ni kwamba APE huzidishwa kwa miezi yote 420, pamoja na ile ya miaka ya mwanzo ambapo mshahara ulikuwa mdogo. Kila nyongeza ya mwisho wa utumishi inarudi nyuma na kuupandisha thamani utumishi wote.

Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya makadirio liwe hili: mshahara umedhaniwa kukua kwa asilimia ngapi? Na historia ya karibu inaonyesha kwamba mshahara wa mtumishi wa Tanzania haupandi kwa mstari ulionyooka. Kuanzia 2016 watumishi wa umma walikaa miaka kadhaa bila nyongeza ya jumla. Kisha 2022 kima cha chini kikapandishwa kwa asilimia 23.3, na 2025 kikapandishwa tena kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Asilimia hizo kubwa zilikuwa za kima cha chini, na si sahihi kuzibandika kwenye ngazi ya mshahara ya mwalimu mzoefu.

Tujaribu basi kumpa mwalimu wetu miaka mitano ya mshahara uliosimama, kisha asilimia 5 kila mwaka kwa miaka iliyobaki. Pensheni ya mwezi inashuka kutoka 738,000 hadi 578,000. Ni karibu sawa na kudhani asilimia 3 kwa miaka yote, ambayo inatoa 574,000. Ukipewa makadirio ya asilimia 5, omba na ya asilimia 3 pia. Umbali kati ya hizo mbili ndio kipimo cha jinsi namba yako inavyoweza kuyumba.

Lipo na jambo la bei. Shilingi 738,000 za mwaka atakaostaafu si shilingi 738,000 za leo. Benki Kuu ya Tanzania hulenga mfumuko wa bei wa kati ya asilimia 3 na 5. Tukichukua 4, bei zitapanda kwa asilimia 80 ndani ya miaka 15, na pensheni ile itanunua vitu vya shilingi 410,000 za leo. Linganisha sasa na makadirio ya mshahara usioongezeka, yaliyotoa 391,000. Zile namba mbili zilizotofautiana sana zimekaribiana, kwa sababu sehemu kubwa ya ukuaji wa mshahara ilikuwa inakimbizana na bei tu. Anayepanga kununua kibanja kwa milioni 73.8 aulize vibanja vya Kamachumu vitauzwaje mwaka huo.

Tuje kwenye faida ya uwekezaji. Rudi kwenye kikokotoo uitafute: haimo. Mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri 15, na mfuko huziwekeza fedha hizo kwenye hati fungani, majengo na kwingineko. Lakini uwekezaji ukifanya vizuri, pensheni ya mwalimu haipandi, na ukifanya vibaya haishuki. Mafao yake yamefungwa kwenye miezi na mshahara. Akijumlisha michango na kujiongezea riba kichwani, atapata namba isiyohusiana na mafao yake.

Dhana ya faida ina uzito pale ambapo akiba ni ya mtu binafsi, kama kwenye mpango wa hiari wa kuweka akiba ya uzeeni. Mwalimu huyohuyo akiweka shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka 15, atakuwa ametoa milioni 9 mfukoni. Kwa faida ya asilimia 5 kwa mwaka atakuta kama milioni 13.4, na kwa asilimia 9 atakuta milioni 18.9. Hapo swali la kuuliza ni kama faida iliyodhaniwa imeshatolewa gharama za uendeshaji, na kama imezidi mfumuko wa bei kwa kiasi gani.

Kwa PSSSF, faida ya uwekezaji hukaa kwa wataalamu wanaotathmini uhai wa mfuko: je, michango na faida vitatosha kulipa ahadi zote? Na jibu la tathmini hizo ndilo linaloleta dhana nyingine, ambayo haiandikwi kwenye karatasi: kwamba kanuni haitabadilika. PSPF ilirithi deni la watumishi walioanza kazi kabla ya 1999 bila kuchangia, na mzigo huo ulihamia PSSSF mifuko ilipounganishwa 2018. Mwezi Desemba 2021 Serikali ikatoa hati fungani ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu ya deni hilo. Kanuni nayo haikutulia: kanuni mpya ya mafao ya 2018 ilisitishwa mwishoni mwa 2018 hiyohiyo baada ya malalamiko. Julai 2022 kikokotoo kimoja kikaanza kwa wote, kikiwa na mkupuo wa asilimia 33. Mwaka wa fedha 2024/25 ukaleta asilimia 40 na 35.

Mwalimu wetu angekokotolewa kwa kanuni ya zamani ya PSPF, ya 1/540, kizidisho cha 15.5 na mkupuo wa nusu, kwa mshahara uleule wa leo angepata mkupuo wa milioni 65.1 na pensheni ya mwezi ya 350,000. Leo ni milioni 39.1 na 391,000. Tofauti ya milioni 26 kwenye mkupuo haikutokana na mshahara wala uwekezaji, bali na kanuni. Makadirio ya miaka 15 mbele yanachukulia kwamba kanuni ya leo itamkuta siku anastaafu, ilhali ndani ya miaka sita imeguswa zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishika karatasi ya makadirio anza na kisichohitaji dhana: miezi uliyokwisha kuchangia. Ihakiki kwenye PSSSF Kiganjani au kwa ofisa wa mfuko, mwezi kwa mwezi, uilinganishe na hati zako za mshahara, na pengo lolote ulifuatilie kwa mwajiri wakati kumbukumbu bado zipo. Kisha uliza ukuaji wa mshahara uliotumika, kama namba ni za bei za leo au za mwaka wa kustaafu, na asilimia ya mkupuo. Ukipata majibu hayo, panga maisha kwa yale makadirio ya chini. Ya juu yakitimia, utajua la kufanya na ziada.