Kenya: Mrithi mmoja akikataa, ardhi ya pamoja hugawanywa vipi?

Nchini Kenya, mrithi mmoja anayekataa kutia saini hawezi kuifunga ardhi ya familia daima. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 humruhusu mmiliki mwenza mwenye hisa yake kumwomba Msajili wa Ardhi aigawe, hata bila ridhaa ya wenzake. Lakini sharti hati iwe na majina ya warithi na hisa ya kila mmoja. Ikiwa bado ina jina la marehemu, kesi ya mirathi hutangulia mahakamani, na hapo ndipo wengi hukwama.

Tuchukue ndugu watatu, kila mmoja na theluthi ya kiwanja kidogo chenye nyumba moja. Msajili humsikiliza pia anayepinga, ila nyumba haikatwi vipande vitatu. Mmoja akidai kiwanja kiuzwe, nao wasiafikiane masharti ya mauzo, kifungu cha 96 hutaka tathmini ya thamani iagizwe, kisha mauzo, pengine kwa mnada wa hadhara. Aliyekataa naye ana haki ya kukinunua, mnadani au kwa makubaliano ya faragha.